Bundi na Skrini Mbili

Ukumbini walimwita Bundi kwa sababu akicheza hapepesi macho. Kwao walimwita kwa jina lake la kuzaliwa, na mama yake alipokuja kulijua hilo jina la ukumbini alinuna siku nzima, akasema hakumzaa mtoto ili watu wamwite ndege wa mikosi. Bundi mwenyewe hakujali. Ukishapewa jina la utani na watu uliowashinda, hilo si tusi, ni cheo.

Mchana alikuwa mchora ramani. Usifikirie kalamu na rula, hapana. Alikaa ofisini mbele ya skrini, anachukua ramani kuukuu za viwanja, anafuatisha mistari yake kwa mausi, nukta kwa nukta, mpaka jioni. Akitoka hapo anapita ukumbi wa gemu, anakaa saa moja, saa moja na nusu, anawatwanga watu kwenye gemu ya ngumi, kisha anarudi nyumbani kula. Maisha yake yote yalikuwa hayo: mistari na ngumi. Na kati ya hivyo viwili, kilichomfanya aamke asubuhi si mistari.

Timu yao ilikuwa na watu watatu na mmoja wa akiba. Nahodha, ambaye mchana anatengeneza friji. Fundi Viatu, ambaye kwa kweli ni fundi viatu. Na Bundi. Wa akiba alikuwa Msusi, dada mpole aliyekaa benchi mwaka mzima bila kulalamika. Walikuwa wanajiandaa kwa shindano la kumbi zote, na kila mtu alijua tegemeo ni nani.

Siri ya Bundi ilikuwa fremu nyeusi. Skrini ya kawaida inashikilia picha ikiwa imewaka muda wote hadi picha nyingine ije, na jicho lako linalomfuata mtu anayesogea halisimami kuisubiri, linaendelea kuteleza. Kwa hiyo picha inapakaa machoni kama rangi mbichi iliyoguswa na kiwiko. Sasa ukiwasha fremu nyeusi, skrini inamwonyesha mtu mara moja, halafu inazima kidogo, halafu inamwonyesha tena mahali papya. Hakuna cha kupakaa. Bega la mpinzani likitikisika kabla ya ngumi kutoka, unaliona. Bundi aliliona kila mara.

Ila kizuri hakikosi kasoro. Skrini inakuwa na giza zaidi, na inapepesa. Gemu yao ilitoa picha sitini kwa sekunde, kwa hiyo skrini iliwaka na kuzima mara sitini, na mtu mwenye macho mepesi analiona hilo waziwazi. Waliwahi kujaribu kuifanya iwake mara mbili kwa kila picha ili ipepese kidogo. Kweli ilitulia, lakini kila mpinzani akisogea alionekana wawili.

"Sasa nimpige yupi?" Fundi Viatu aliuliza. "Huyu au pacha wake?"

Wakarudi kwenye mara sitini.

Kichwa kilianza kumuuma Bundi miezi mitatu kabla ya shindano. Kilianzia nyuma ya macho, kinapanda kwenye paji, na ikifika jioni anatembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji asiyotaka kuimwaga. Akasoma mtandaoni kwamba mwanga mkali wa skrini unachosha macho. Basi akapunguza mwanga wa skrini yake ya ofisini. Na kwa kuwa ana roho nzuri, na mdomo wake haukai kitako, akapita meza kwa meza kuwapunguzia wenzake wote.

"Macho yapumzike," alisema.

"Asante, daktari," akamjibu jirani yake wa meza, baba mmoja mwenye kipara waliyemwita Mzee wa Ramani. "Na mishahara je, huwezi kuipandisha kidogo?"

Kichwa kikazidi. Bundi akapunguza mwanga tena. Kikazidi tena. Akapunguza mpaka ramani zikawa kama zimechorwa kwa chai ya rangi.

Mama yake, ambaye hakuwahi kuupenda ukumbi, alipata alichokuwa anakitafuta. "Hiyo michezo yenu ndiyo inakumaliza. Siku ile nilikuja kukuita, ile televisheni yenu inatetemeka kama ina homa. Nilisimama dakika mbili tu nikasikia kizunguzungu. Wewe unakaa kila siku."

"Mama, ofisini nakaa kutwa nzima."

"Ofisini kuna televisheni inayotetemeka?"

Ya ofisini ilitulia kama maji ya mtungini.

Wakaenda kwa daktari wa macho. Daktari alimpima vizuri, hakuharakisha, akamwambia macho yake ni mazima na miwani hahitaji. Akamuuliza kama kuna skrini anayoitumia ambayo inapepesa. Swali zuri kabisa. Na Bundi, mkweli kama mshumaa, akajibu: ya ukumbini. Akaulizwa na ya kazini. Akasema ile haipepesi, halafu ameipunguza mwanga, anaitunza sana. Daktari akasema basi apumzike na ile ya kwanza kwa muda, tuone. Mama akaitikia kwa kichwa kama hakimu aliyekubaliana na wakili wake.

Bundi alijaribu ujanja kwanza. Jioni ile alicheza fremu nyeusi ikiwa imezimwa. Picha ikawa na mwanga mzuri, haipepesi, na kila mtu anayesogea akawa amepakaa kama siagi. Fundi Viatu akamshinda mara tatu mfululizo, na mara ya tatu aliona aibu kushangilia.

"Pole, Bundi."

"Usinipe pole. Nipe nafasi nifikirie."

Hakuchukua muda. Kichwa kilikuwa kinagonga. Akaandika kwenye kundi la timu: "Natoka. Macho yamekataa. Msusi achukue kiti changu." Wakamtumia vikatuni vya bundi aliyevaa miwani myeusi, bundi kitandani, bundi na mkongojo. Alicheka peke yake, halafu akaifunga simu na kuilaza kifudifudi.

Kichwa hakikuacha. Wiki ya kwanza bila gemu kiliuma. Ya pili kiliuma. Mama akasema sumu haitoki siku moja.

Siku moja ofisini, mpima viwanja aliyekuwa kazini huko nje akapiga simu, anataka kuona kona ya kiwanja fulani haraka. Bundi akaipiga picha skrini yake kwa simu, akamtumia. Jibu likaja kwa sauti, na jamaa anacheka: "Dada yangu, hii umeipiga ukiwa nyuma ya nyavu za kuku? Mbona ina mistari?"

Bundi akaifungua ile picha. Ramani yote ilikatwa na mikanda myeusi, mmoja chini ya mwingine. Ile mikanda alikuwa anaijua. Ukumbini, ukitaka kujua kama mtu ameizima fremu nyeusi bila kuaga, unaielekezea skrini kamera ya simu: picha ikitoka na mikanda ya giza, fremu bado ipo, taa inawaka na kuzima. Kamera ina haraka kuliko jicho.

Akachukua kalamu, akaipunga kwa kasi mbele ya skrini. Mbele ya taa inayowaka moja kwa moja ungeona ukungu mmoja laini. Yeye aliona kalamu nyingi zilizopangana kama meno ya kitana.

"Unafukuza nzi?" akauliza Mzee wa Ramani.

Akaupandisha mwanga wa skrini hadi mwisho. Akapunga: ukungu. Akapiga picha: safi, haina hata ukanda mmoja. Akaushusha tena. Mikanda ikarudi, minene.

Basi ndivyo zilivyotengenezwa zile skrini. Ukizipunguza mwanga, taa ya nyuma haififii. Inawaka kwa nguvu zilezile kisha inazima, inawaka, inazima, mara mia mbili na kitu kwa sekunde, na kadiri unavyopunguza ndivyo kipande cha giza kinavyorefuka. Jicho linajumlisha, linakuambia ni mwanga mdogo uliotulia. Lakini likiruka kutoka mstari hadi mstari, na kazi ya Bundi ilikuwa kuruka mstari hadi mstari, linapigwa na vivuli vya kukatikakatika kutwa nzima. Kila alipoyahurumia macho yake, ndipo alipoyaongezea.

"Mzee, wewe kichwa kinakuuma?"

"Miezi hii? Sana. Nilidhani ni umri." Akaitazama skrini, akamtazama Bundi. "Si wewe ndiye uliyekuja kutupumzisha?"

Alipita tena meza kwa meza, safari hii kupandisha, na hakumweleza mtu chochote. Ramani akazipa ukurasa wa kijivu badala ya mweupe ili zisimchome kama zilivyomchoma mwanzoni, akasogeza meza karibu na dirisha ili skrini isiwe taa peke yake chumbani. Siku ya nne aliamka, akakitafuta kichwa kinapouma, hakukipata.

Akamkimbilia Nahodha. Alimkuta amepiga magoti nyuma ya friji ya mtu.

"Nakuamini," Nahodha alisema baada ya kusikia yote. "Ila majina yalifungwa juzi. Ni Msusi. Na hata kama yasingefungwa, nimwambieje? Amekaa benchi mwaka mzima."

"Usimwambie kitu."

"Ungepiga tu ile kamera siku ya kwanza, Bundi. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Najua."

Siku ya shindano alikaa viti vya nyuma. Msusi alikuwa na mikono mizuri, lakini fremu nyeusi ilimtia kichefuchefu cha kweli, macho yake ndivyo yalivyo, kwa hiyo aliizima. Raundi ya mwisho ya pambano la kwanza mpinzani aliyumba kushoto, na kutoka huko nyuma Bundi alijua ngumi inakuja upande gani, kwa kuwa huyo alishacheza naye miaka. Msusi aliona mpako. Akakinga upande mwingine. Ukumbi wao ukatoka mapema, na njiani Fundi Viatu aliongea habari za mvua.

Jumapili ile mama alikuwa na shangazi zake Bundi wawili sebuleni. Bundi alipita na sinia la vikombe.

"Mtazameni mwenzenu," mama alisema. "Tangu aache ile michezo, kichwa kwisha. Hata dawa hanywi. Nilimwambia mimi."

"Mama ni mama," shangazi mkubwa akasema.

"Haikuwa michezo," Bundi akasema. "Ilikuwa skrini ya ofisini."

"Ile iliyotulia?" mama akauliza.

"Ile ile."

Shangazi mdogo akacheka mpaka kikombe kikagonga kisosi. Mama hakucheka, alimwonea huruma tu. "Hata kushukuru anashindwa," aliwaambia wenzake kwa upole, akasogeza sinia ampe nafasi. "Kaa basi, mwanangu. Siku hizi jioni una muda."

Bundi akakaa.