Jina Lake Kwenye Ripoti ya Ijumaa

Alikuja ofisini Jumatatu asubuhi, kanga begani, hakusalimia mtu. Ofisi yetu ya takwimu za kliniki, pale Singida mjini, ina benchi moja la wageni. Hakulikalia. Alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Dada, nifute."

Ni jirani yangu wa Mwankoko. Tunachota bomba moja, na kuku wake wameshamaliza mchicha wangu mara ngapi sijui. Miaka yote hiyo sikujua kwamba anatumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Nilijua siku ile, tena kwa sababu alilazimika kuniambia. Jumamosi mhudumu wa jamii alifika kwake na tableti, akamuuliza mbele ya mama mkwe kwa nini ameacha kliniki. Ameacha wapi! Alihamia kliniki ya Iguguno zamani, na dawa anameza kila siku. Ikabidi amwambie mama mkwe kuwa yule mtu amekosea nyumba. Akija mwingine, ndoa imekwisha.

Nikafungua rejista. Kweli, imeandikwa amehama. Mhudumu alikuwa amefungua picha ya zamani akidhani ni ya wiki hiyo. Picha ndivyo tunavyoziita: kila Ijumaa mfumo unaigandisha orodha ya waliokosa kliniki, jinsi ilivyo siku hiyo, na kuihifadhi. Rejista ikirekebishwa kesho, picha haibadiliki. Ndiyo kazi yake, ili mkaguzi aone idadi tuliyopeleka juu ilitoka wapi. Tulikuwa nazo zote tangu mfumo uanze, na hakuna aliyewahi kuuliza zikae mpaka lini. Nafasi kwenye seva ilikuwepo, basi tukaziacha.

Nikaingia kwa bosi nikiwa nimefura. "Ile picha ifutwe leo leo."

"Haifutwi. Robo mwaka hiyo iko kwa wakaguzi, na wameandika kisiguswe kitu. Ukifuta, umeficha."

"Basi nitoe mstari wake tu."

"Ukiutoa, jumla haitalingana na tuliyopeleka. Hiyo tena si picha, ni kughushi."

Nilimchukia kwa sababu alikuwa sahihi. Siku hiyo tuliihamishia kwenye folda iliyofungwa, asiifungue mtu bila bosi na mkaguzi kuwepo, na tableti zote zikarudishwa ofisini tukafuta nakala zilizokuwemo. Wiki hiyohiyo tukakaa kuamua kitu ambacho tulipaswa kukiamua tangu mwanzo. Picha za jumla, zisizo na majina, zitunzwe miaka yote ambayo mwongozo unataka. Orodha za majina zikae mpaka ufuatiliaji uishe na takwimu za robo zihakikiwe, kisha ziondoke. Isipokuwa zile zilizoshikwa na ukaguzi. Yaani ile yenye jina la jirani yangu.

Nikarudi kumwambia asubiri. Alinitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa hadithi.

Kungoja kulinichosha kuliko kazi yenyewe. Asubuhi moja bombani nikamwamkia mama mkwe, "Shikamoo mama." Akaitikia, halafu akaniambia mbele ya watu, "Wewe si uko huko kwenye kliniki? Yule kijana wenu alikosea nyumba, eti?" Jirani yangu aliinamia ndoo. Nikikubali, nimekiri kwamba nimechungulia rejista. Nikikataa, nimemmaliza. Nikasema, "Mama, mimi kazi yangu kompyuta tu, nyumba wanazokwenda sizijui." Ndoo yangu ilikuwa imeshajaa na maji yakimwagika, na sikuwa na ujasiri wa kuondoka wa kwanza.

Barua ya kufunga ukaguzi ilipofika sikunywa hata chai. Tulihakikisha kwanza hakuna ripoti nyingine inayosoma kutoka kwenye ile picha. Bosi akasaini, mimi nikafuta, yeye akishuhudia, kisha tukamwaga na kapu la seva linaloshika vilivyofutwa. Ilibaki diski ya akiba iliyoko kabatini, ambayo nakala zake za zamani hufutika zinapoandikwa mpya juu yake, kwa hiyo tukangoja mzunguko upite. Halafu nikairejesha akiba kwenye kompyuta ya majaribio, nikalitafuta jina lake. Halikuwepo. Kwenye kumbukumbu ya ufutaji tuliandika robo, sababu na sahihi zetu. Jina hapana, maana lingekuwa limerudi kwa mlango wa nyuma.

Jioni nikamkuta bombani peke yake. Jamani, nilifurahi! Nikamnong'oneza, "Imefutwa. Kwenye seva, kwenye akiba, kwenye tableti. Kote."

"Kote?"

"Kote, nakuapia."

Akajitwika ndoo, akaisawazisha polepole. "Na wewe je?"

Nilicheka, nikaona nacheka mwenyewe. Siku hizi anachota bomba la upande wa pili, ng'ambo ya mashamba ya alizeti, na kuku wake amewafungia.