Yunisi na Baiskeli ya Baba

Siku baraza la kule nyumbani lilipoamua mtoto aende kwa baba yake, Tupokigwe hakulia. Alimgeukia karani na kuuliza, "Rufani inaandikwa wapi?"

Karani alidhani hakusikia vizuri. Mwaka 1954, mwanamke wa kijiji cha Ibaba aliyeshindwa barazani alijifunga kitenge na kurudi shambani. Huyu alibaki amesimama mpaka akajibiwa: ana siku thelathini, na rufani itasikilizwa Tukuyu.

Aliolewa kijiji cha Mbebe, kwa Asajile, kwa mahari ya ng'ombe watano. Mtoto wao, Yunisi, hajatimiza mwaka, Asajile akaenda kuchimba shaba Luanshya, kule Rhodesia ya Kaskazini. Kwa miaka mitano hakukanyaga nyumbani. Tupokigwe akarudi Ibaba kwa kaka yake, Anyelwisye, akalima ulezi na maharage, na mtoto akakulia mgongoni mwake, kisha pembeni ya jembe lake. Ndoa ilivunjwa mbele ya wazee wa pande zote mbili. Ng'ombe hawakurudishwa, kwa sababu mtoto alikuwa amezaliwa.

Asajile aliporudi likizo, akiwa na koti la mistari na baiskeli mpya, hakwenda kumsalimu binti yake. Alikwenda barazani.

"Ng'ombe wangu wako Ibaba," aliwaambia wazee. "Mtoto wangu anafanya nini huko? Mtoto ni wa ng'ombe."

Wazee waliona ni sawa, lakini mmoja wao akataka mambo yapendeze. Akasema mtoto awekwe katikati, achague mwenyewe. Yunisi, mwenye miaka sita, akatazama huku, akatazama kule. Asajile akapiga kengele ya baiskeli mara moja. Mtoto akakimbia kwake.

Baraza zima likacheka. "Kesi imekwisha! Mtoto mwenyewe amechagua."

"Amechagua baiskeli," alisema Tupokigwe. "Ningeleta mbuzi mwenye kengele, mngempa mbuzi amlee?"

Walimwambia anyamaze, wakaandika hukumu. Alichopata kwa ubishi wake ni jambo moja: mtoto asihamishwe mpaka rufani isikilizwe.

Jioni kabla ya safari ya Tukuyu, kaka yake alimfundisha maneno ya kusema.

"Sema hivi: hajawahi kutuma kitu. Kamwe. Hata sindano. Halafu sema mtoto wa kike ni wa mama, siku zote, ndiyo sheria."

"Alituma mablanketi mawili, kaka. Na barua."

"Nani anajua?"

"Aliyeyatuma anajua. Naye atakuwa amekaa mbele yangu."

"Dada, kesi haishindwi kwa huruma."

"Wala kwa neno 'kamwe'. Akitoa shahidi wa blanketi moja tu, watasema na mengine yote nimetunga."

Anyelwisye akatema mate pembeni. Hata hivyo asubuhi alibeba chakula cha njiani. Mawakili hawakuruhusiwa katika mabaraza yale. Ndugu ndiye aliyesimama nawe.

Mkuu wa baraza la rufani alikuwa Mzee Efraimu, mtu mkavu, asiyetabasamu bila sababu. Aliwaacha waseme.

"Mtoto ni wa baba," alisema Asajile. "Daima. Hiyo ndiyo desturi."

"Mtoto wa kike ni wa mama!" alidakia Anyelwisye. "Daima!"

Efraimu akamgeukia karani wake. "Hawa wawili wamekubaliana jambo moja: hakuna haja ya kuuliza chochote kuhusu mtoto. Mimi nitauliza." Akamtazama Asajile. "Likizo yako inakwisha lini?"

"Mwisho wa mwezi, mzee."

"Unarudi Luanshya na binti?"

"Hapana. Namwacha Mbebe kwa mama yangu."

Mama yake, Bibi Leah, alikuwa amekaa nyuma. Efraimu alimwita, akamuuliza kama ataweza kumlea mjukuu.

"Mwanangu ana haki yake," alisema Bibi Leah. "Ila mzee, nisiseme uongo nikiwa na miaka hii. Kwa macho yangu haya siuoni moto mpaka uniunguze. Huyo mtoto nimemwona mara mbili. Tutaleana, yeye ataniongoza chooni, mimi nitamwimbia."

Watu wakacheka. Asajile akakaza macho kwenye kofia yake.

Kisha Efraimu akamwita Yunisi chumbani mwa karani, bila wazazi. Waliporudi, alimwambia karani aandike kama alivyosikia: "Anataka akae kwa mama yake, na baiskeli iwepo." Akaongeza, "Neno la mtoto tunalisikia. Uzito wake tunaupima kwa umri wake. Haliwezi kuwa hukumu peke yake, huku au kule baraza la chini."

Ikafika zamu ya Tupokigwe.

"Baba yake aliwahi kumtumia kitu?"

Anyelwisye akakohoa kwa nguvu. Tupokigwe hakumtazama.

"Mablanketi mawili na barua moja. Blanketi moja anajifunika mpaka leo."

"Nikikuachia mtoto, utamkubalia amwone baba yake?"

Neno 'hapana' lilikuwa tayari mdomoni mwake, tamu kama asali ya msituni.

"Moyo wangu unakataa," alisema. "Lakini ni baba yake. Akija likizo atamwona. Ila aje mwenyewe, asitume kengele."

Efraimu alitoa uamuzi bila kusimama.

"Desturi inasema mtoto huyu ni wa ukoo wa Asajile. Sijaifuta. Jina lake ni la huko, na siku ya kuolewa kwake wazee wa huko watakaa kupokea mahari. Lakini ukoo ni neno moja, na nani atampikia uji kesho ni neno jingine. Tangu azaliwe analelewa Ibaba. Ameanza shule ya misheni huko. Anayedai kumchukua hatakuwepo, na aliyemtaja kumlea ni bibi asiyeona. Mtoto abaki kwa mama. Baba akiwa likizo, akae naye wiki mbili Mbebe." Akamgeukia Anyelwisye. "Usiende kutangaza kwamba mama hushinda daima. Mwaka jana nilimpa baba watoto wawili, maana ndiye aliyekuwa akiwalisha. Hali ikibadilika, yeyote kati yenu aje hapa tena."

"Mzee," alisema Tupokigwe, "andika milele."

"Siandiki. Ukianza kulewa asubuhi na jioni, hiyo milele itamfaa nani?"

"Silewi."

"Basi huihitaji."

"Na akirudi na maneno mengine?"

"Utakuja."

"Nitakuja," alisema, "hata kwa magoti."

Baada ya miaka miwili Asajile alirudi tena likizo. Pale Ibaba watu walimwambia Tupokigwe amfiche mtoto. "Umeshinda kesi, halafu unampeleka mwenyewe? Umelogwa!" Kaka yake alisema akivuka mlango na yule mtoto, asirudi kumlilia.

Alivuka. Walitembea na Yunisi mpaka Mbebe, akaingia uani kwa Asajile bila kubisha hodi, akaweka chini kifurushi cha nguo.

"Analala wapi?"

Asajile alimwonyesha kitanda kipya. Tupokigwe alikiinamia, akabonyeza kamba kwa kiganja, akauliza nani atapika, akauliza maji yanachotwa wapi. Alipojibiwa yote, akajifunga kitenge.

"Jumapili ya pili, baada ya ibada, nitamfuata. Nisipomkuta hapa, njia ya Tukuyu naijua."

"Utamkuta, Mama Yunisi."

Tupokigwe alimfunga binti yake kifungo cha juu cha gauni, akageuka, akaupanda mlima peke yake, bila kutazama nyuma.