Kiti cha Zu

Wanafunzi walimwita Bwana Zu, naye hakuwahi kukasirika. Alifundisha Kijerumani katika chumba kilichokuwa juu ya duka la misumari na rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi hadi darasani.

"Kwetu ‘ku’ haibanduki," alisema. "Naweza kulala, najaribu kulala: ipo tu, kama kupe. Wenzetu Wajerumani wana ‘zu’, na zu hukaa panapotakiwa tu."

Kila kipindi mwanafunzi mmoja alikaa kitini katikati ya chumba. Yeye ndiye zu. Mwalimu akitaja versuchen, kujaribu, zu anabaki: ich versuche zu schlafen. Akitaja können, kuweza, zu anainuka upesi: ich kann schlafen. Hoffen, kutumaini, anabaki. Müssen, kulazimika, anainuka.

"Mwalimu, zu wa leo kanenepa, hainuki!" mwanafunzi mmoja alitania.

Aliyekaa kitini siku hiyo alikuwa binti wa mwalimu, muuguzi, mtu pekee aliyebaki naye nyumbani tangu mkewe afariki. Hospitali ya ughaibuni ilikuwa inamngojea, mradi tu afaulu mtihani wa lugha.

Muhula huo mwalimu aliwapa vitenzi sita vinavyoikataa zu, vile vya kuweza, kutaka na jamaa zao. Vingine, sehen, hören na lassen, kuona, kusikia na kuacha, hakuvigusa. Alijiambia muda umembana. Muda ulikuwepo.

Alasiri, siku moja kabla ya mtihani, binti alimletea insha ya mazoezi mezani jikoni. Ilikuwa safi hadi mstari wa mwisho: Ich höre meinen Vater zu husten. Namsikia baba yangu akikohoa.

"Iko sawa, Baba? Hören hayumo kwenye wale sita, ndiyo maana nikaweka zu."

Hoja yake haikuwa na kasoro. Kosa lilikuwa la aliyemfundisha. Mzee alitazama sufuria ya chai ikichemka hadi ikafurika, akazima jiko. Neno moja tu, "sawa", lingetosha kumbakisha nyumbani.

Alichukua penseli, akakata zu.

"Kuona, kusikia, kumwacha mtu afanye. Hawa nao hawaitaki. Ich höre meinen Vater husten."

"Mbona hukutufundisha?"

"Nilichelewa, mwanangu."

Binti aliikunja insha. "Na wenzangu? Nao wanafanya kesho."

Hao, mzee hakuwa amewafikiria hata kidogo. Binti akatoa simu, akamgeuzia mgongo, akaanza kuwaandikia mmoja mmoja. Chai aliiacha ipoe.

Alifaulu. Asubuhi ya safari waliagana mlangoni kwa maneno machache, wala lile la jikoni halikutajwa tena.

Asubuhi hiyohiyo mwalimu alipokea darasa jipya. Hakuanza na kuweza wala kujaribu, kama ilivyokuwa desturi yake. Aliandika ubaoni: Ich sehe meine Tochter gehen. Namwona binti yangu akienda.

"Zu akae au ainuke?"

Kijana aliyekuwa kitini alisitasita, akaangalia huku na huku.

"Inuka," mwalimu alisema. Kijana akainuka, na kiti kikabaki wazi.