Ncha ya Shuka la Kijani

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kusema hivyo. Muuza vitambaa asiyeshuku hapa Kamembe, upande wa Rwanda, atauziwa pazia akiambiwa ni hariri. Lakini kulikuwa na mtu mmoja sikuwahi kumshuku: mama wa Bukavu, Kongo, aliyenitafutia vitambaa vya harusi kwa miaka kumi na moja. Alikuwa ananitumia picha kwa simu, nachagua, anavuka mpaka na mzigo, naupanga kwenye rafu bila hata kuukunjua.

Siku moja wakaingia dukani binti mmoja kutoka Muganza, ambaye nilikuwa nimeshamtumia picha za vitambaa kwa simu, na mama yake. Harusi ilikuwa imekaribia na wasichana sita wa kumsindikiza walihitaji mishanana, yaani sketi ndefu na lile shuka linalofungwa begani. Mama alitaka zambarau. Binti alitaka kijani, na alikuwa na ushahidi.

"Maman, ya vert iko. Angalia hii foto."

Kwenye simu yake alisimama mwanamke mbele ya ukuta mweupe. Shuka lilikuwa jeupe begani, likizidi kuwa kijani kadiri lilivyoshuka. Pembeni iliandikwa namba ya simu, kama wauzaji wanavyotia kwenye picha zao. Ilikuwa namba ya rafiki yangu wa Bukavu.

Mimi sikuwa nimetumiwa kitambaa chochote cha kijani. Kumbe ananizunguka, anawafuata wateja wangu moja kwa moja! Nikaikuza ile picha kwa vidole, nikaichunguza kama askari wa mpakani anavyochunguza mzigo.

Ndipo nikaiona ncha. Mwanamke yule alikuwa ameiinua ncha ya shuka na kuilaza kwenye kiwiko. Sasa, kitambaa cha rangi inayofifia kimetiwa rangi chenyewe: hapa imekolea, pale imepungua. Shuka la namna ile limekolea nchani, na ukiiinua ncha hadi kichwani, inapanda na rangi yake. Lakini ncha ile ilikuwa nyeupe. Kila kilichokuwa juu kwenye picha kilikuwa cheupe, kila kilichokuwa chini kilikuwa kijani, mpaka ukuta karibu na sakafu, mpaka vidole vya miguu ya yule mwanamke. Rangi ilikuwa imefuata picha, haikufuata kitambaa.

Nikampigia palepale, mbele ya wateja, nikampa vidonge vyake. Nilimwambia ananiibia wateja, tena kwa kitambaa ambacho hakipo duniani.

"Maman, miye sina kitambala ya vert," akasema. "Ungoje. Nakuja."

Alifika mchana akiwa na kifurushi kimoja, wateja wangu wakiwa bado dukani wanamngoja. Hakunisalimu. Alikifungua juu ya meza yangu: shuka jeupe lenye kuishia zambarau. Akamfunga binti begani, kisha akaiinua ncha na kuilaza kwenye kiwiko chake. Zambarau yote ikapanda nayo. Halafu akatoa simu, akanionyesha picha yake mwenyewe. Mwanamke yuleyule, ukuta uleule, kiwiko kilekile, na ncha ya zambarau iliyokolea.

"Hii njo foto nilikutumia weye," akasema. "Wiki ilipita."

Ni kweli alinitumia. Nami, kati ya picha nyingi za siku ile, nilimpelekea binti bila kuitazama vizuri. Tukamgeukia binti sote watatu, na machozi yakaanza kumtoka. Alikuwa ameifuta zambarau kwa simu, kisha akamwaga kijani kutoka chini ya picha. Alidhani mama yake akikiona kitambaa hicho atakubali, na sisi tutajua pa kukipata.

Mama yake alimkemea kwa Kinyarwanda, wakachukua zambarau, wakaenda. Nikabaki na rafiki yangu. Nilitaka kucheka, tuyamalize. Hakucheka.

"Myaka kumi na moya," akasema. "Ulishindwa kuniuliza tu?"

Niliomba radhi, na nilimaanisha. Akasema ni sawa, akakunja karatasi ya kifurushi, akaenda zake mpakani.

Bado tunafanya biashara. Vitambaa vyake ni vizuri kama zamani na mzigo haujawahi kuchelewa. Lakini tangu siku ile kila picha anayonitumia inafuatwa na video fupi: mkono wake unakishika kitambaa, unakigeuza, unainua ncha, unaionyesha kwenye mwanga, mbele na nyuma. Sikumwomba afanye hivyo. Wateja asiowajua ndio huwafanyia hivyo.