Sebule Kwenye Picha ya Kwanza

Kila asubuhi, awe na mgeni au asiwe naye, shangazi yangu hufungua bomba la maji ya moto la bafu la wageni na kuhesabu. Maji yakipata moto kabla hajafika ishirini, anafunga na kwenda zake. Yakipita ishirini, anamwita fundi. Mgeni akiwepo, husubiri atoke kwanza, hata kama ni saa tano. Tabia hiyo aliitoa hotelini, alikosimamia usafi wa vyumba miaka ishirini na sita, na ndiko alikopewa jina la Mama Shuka. Alipostaafu alipaka rangi chumba cha nyuma, akanunua godoro jipya, akaniomba nimwekee tangazo kwenye tovuti ya kukodisha vyumba.

Picha alizichagua mwenyewe. Ya kwanza, ile inayoonekana kubwa kabla mtu hajafungua tangazo, ilikuwa ya sebule: makochi ya kijani, zulia, dirisha pana linaloingiza jua la asubuhi. Chumba chenyewe kilikuwa picha ya tano. Sikumuuliza kitu. Nilipakia nilivyoambiwa.

Wageni kumi na mmoja wa mwanzo walimpa nyota tano kila mmoja. Wengi walikuwa watu wa kulala usiku mmoja wakiwahi safari ya alfajiri. Sebule waliipita gizani wakiwa na mabegi. Wa kumi na mbili alikuwa mhasibu aliyekaa siku tano. Alipoondoka aliandika hivi: "Chumba ni kisafi sana na mwenyeji ni mkarimu. Lakini picha ya kwanza inapotosha. Ile ni sebule ya familia, na kuna mtu anaishi humo. Nilichokodi ni chumba kidogo chenye dirisha linalotazama ukuta." Nyota tatu.

Shangazi alinipigia simu kabla sijaamka. "Njoo. Nimeitwa mwongo mbele ya watu."

Nilimkuta mezani, miwani puani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Mtu anayeishi sebuleni alikuwa kwenye kochi lake. Huyo ni mdogo wa marehemu mume wake, fundi wa redio mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita Shemeji, hata wasio na udugu naye.

"Andika," Shemeji aliniambia. "Andika: ndugu mhasibu, ulikunywa chai yetu siku tano bila kutoa kasoro, leo umeota mdomo."

"Wewe nyamaza," Shangazi alisema. "Kasoro yenyewe ni wewe. Kaandika kuna mtu anaishi humo. Ni nani huyo, paka?"

"Ningekuwa paka ungenipa samaki."

Shangazi hakucheka. Alinisogezea simu. Chini ya maoni yale kulikuwa na ujumbe mwingine, wa mwalimu aliyekuwa anakuja kusoma kozi ya miezi mitatu. Wiki iliyopita alikuwa amekaribia kabisa kulipia. Sasa aliandika: "Nimesoma maoni mapya. Naomba kujua, sebule ni ya mgeni au si ya mgeni?"

Miezi mitatu ilikuwa na maana kubwa kwa chumba kinachokaa wazi nusu ya mwezi. Shangazi alitaka kwanza maoni yafutwe. Nilimweleza kwamba tovuti haifuti maoni kwa sababu tu mwenyeji hayapendi. Hufuta yenye matusi au yasiyohusu nyumba. Anachoweza ni kuandika jibu moja litakaloonekana chini yake, na likishatumwa halirekebishwi.

"Basi nitamjibu."

Aliandika kwa mkono, karatasi nzima. Alieleza kwamba nyumba yenye heshima humwonyesha mgeni sebule kwanza, kwamba hata hotelini picha ya mbele ilikuwa ya ukumbi wa mapokezi, wala hakuna aliyelalamika. Akaongeza kwamba mhasibu alikuwa analala mpaka saa tano.

"Hilo la saa tano litoe," nilisema. "Mambo ya mgeni hayaandikwi hadharani. Na anayesoma jibu siyo yeye tena, ni mwalimu na wengine wanaotafuta chumba."

Alilikata kwa mstari mmoja, bila ubishi. Hotelini pia siri ya mgeni ilikuwa siri.

"Lakini la ukumbi nalibakiza," alisema.

Shemeji alikohoa. "Mama Shuka, ukumbini hotelini mgeni si alikuwa anakaa?"

"Anakaa. Ndiyo kazi ya ukumbi."

"Na huyu alikaa wapi?"

Shangazi alitazama makochi, akatazama miguu ya Shemeji juu ya kimeza.

"Siku ya pili aliniomba meza ya kupigia pasi," alisema polepole. "Hakuirudisha mpaka anaondoka. Nikasema, kijana nadhifu huyu. Nilipoingia kutandika nikakuta kompyuta yake iko juu ya meza hiyo. Alikuwa anafanyia kazi pale, amekaa kitandani."

Shemeji alishusha miguu.

Shangazi aliikunja ile karatasi, akaiweka chini ya sahani. Tukaanza na tangazo, kwa sababu alisema hawezi kuandika kwamba amerekebisha kitu ambacho bado hakijarekebishwa. Alisimama mlangoni mwa chumba, akaniambia nipige picha nikiwa nimesimama pale pale, kimo cha mtu anayeingia. Simu ilikuwa na uwezo wa kupanua chumba kionekane kama ukumbi wa harusi, lakini alikataa. Nilitaka kufunga pazia, akalifungua mwenyewe, ukuta wa jirani ukaonekana wote. Picha hiyo ikawa ya kwanza. Ya sebule ilikwenda mwisho, na chini yake aliniambia niandike: "Sebule ya familia. Mgeni anakaribishwa, lakini haikodishwi." Kwenye maelezo tuliweka vipimo vya chumba, tukasema dirisha linatazama ukuta na kwamba hakuna meza ya kufanyia kazi. Kichwa cha tangazo kilikuwa "Nyumba pana yenye mwanga". Kikawa "Chumba kimoja kitulivu ndani ya nyumba ya familia".

"Sasa hata mimi sikitaki," Shemeji alisema.

"Wewe hujawahi kulipa. Huhesabiwi."

Jibu alilisoma kwa sauti mara tatu kabla ya kuniruhusu kutuma. "Asante kwa kukaa nasi. Ni kweli, picha ya kwanza ilikuwa ya sebule yetu, na ulichokodi ni chumba cha nyuma. Samahani kwa usumbufu. Leo tumebadilisha picha na maelezo, na tumesema wazi dirisha linatazama wapi. Karibu tena."

Kisha akamjibu mwalimu: sebule si ya mgeni, tangazo jipya liko pale, alitazame kabla hajaamua.

Mwalimu alijibu jioni ile ile. Alishukuru kuambiwa ukweli. Angekuwa na kazi nyingi za kozi za kuandika, kwa hiyo angetafuta penye meza.

"Miezi mitatu hiyo," Shemeji alisema, "imeondoka kwa miguu yake."

"Bora iondoke sasa kuliko iondoke siku ya tatu ikiwa imeshika mabegi," Shangazi alisema. Lakini jioni ile hakula.

Mwezi huo alipata wageni wawili tu. Wa pili alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, aliyelala mchana kutwa na kuandika kwamba chumba kiko kama kwenye picha. Shangazi alinisomea sentensi hiyo kwenye simu, akairudia. Wastani wake wa nyota haukurudi ulipokuwa, na mwalimu alishapata kwingine.

Nilimuuliza jambo moja tu, siku tulipokuwa tunakunja shuka. Kama mhasibu asingesema kitu, ile picha angeitoa?

"Nisingeitoa," alisema. "Ilikuwa picha nzuri."