Kadi ya Komunyo ya Doris

Mektrida wa Kibosho ni mwanamke asiyependa makuu. Analea binti mmoja, Doris wa miaka tisa, na siku za gulio anauza ndizi kwenye soko la Kwa Sadala. Mtoto alipokaribia komunyo ya kwanza, ukoo ukafungua kundi la WhatsApp la sherehe, kama ilivyo kawaida yetu. Mwenyekiti akawa kaka yake Mektrida, Kornel. Mektrida akatuma humo picha moja ya Doris akiwa na sare ya shule, ndugu waione.

Kornel akaona kadi ya mwaliko bila katuni haipendezi. Akaipeleka picha kwenye tovuti inayogeuza sura za watu kuwa katuni, akabonyeza "Nakubali" bila kusoma hata mstari mmoja, na pale palipotaka maelezo akaandika jina kamili la mtoto, shule na parokia. Kadi ikatoka nzuri, sisi ndugu wote tukaisifu. Hata mimi niliisifu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wiki tatu baadaye, mteja mmoja gulioni alimshika Mektrida mkono.

"Pole mama Doris. Moyo wa mtoto unaendeleaje?"

"Moyo gani?"

Mteja yule akamwonyesha simu. Facebook palikuwa na picha ya Doris, ile ile ya sare, na maneno kwamba anahitaji upasuaji, wasamaria wema wachangie. Namba ya simu ya kupokea michango hakuna aliyeijua.

Jioni ile Mektrida akamkalisha Kornel jikoni.

"Kaka, ulimuuliza nani?"

"Mimi nilitaka kadi ipendeze tu. Picha si ulituma mwenyewe kwenye kundi?"

"Nilituma kwa ndugu."

Mpwa wetu Godlove, anayefanya kazi ya kompyuta mjini, akaichunguza tovuti ile. Kila picha inayopelekwa inawekwa kwenye ukurasa wa wazi, ya asili kando ya katuni, pamoja na maelezo yake, mpaka mtu mwenyewe aende kwenye mipangilio akazime. Nani huko Kibosho angejua kuzima? Yeye na Mektrida wakaandika kuomba ifutwe, ikaondolewa ukurasani. Lakini nakala zilizokwisha kuchukuliwa hazirudi. Na kampuni ikajibu kwa upole wa kuudhi kwamba picha inaweza kuwa imeshatumika kufundishia mashine yao ya kuchora katuni, kwa kuwa mteja aliridhia. Mteja! Doris hakuridhia chochote, wala mama yake. Tangazo la Facebook wakaliripoti, likaondolewa, likatokea jingine kwa jina jingine.

Shuleni wenzake wakaanza kumkataza Doris kukimbia.

Siku ya komunyo, baada ya misa, bibi mmoja tusiyemjua alitukata njia pale mlangoni. Akamwekea Doris mkono kichwani, akaanza kumwombea apone, machozi yanamtoka. Mektrida alifungua kinywa amzuie. Doris alikuwa ameshapiga magoti na gauni lake jeupe. Bibi alipomaliza, mtoto akamgeukia mama yake akauliza taratibu, "Mama, nitakufa lini?"