Salamu Zilizokwama Nairobi

Wazazi walipofariki niliacha shule, nikaajiriwa ukarani kwa wakala wa forodha, Kilindini. Mwaka huo kampuni moja ya Nairobi ilichelewa kutulipa. Tulikuwa tumewatolea mashine zao bandarini, na ada ya bandari tukaitoa mfukoni mwetu. Mwajiri wangu, mzee wa Mji wa Kale, alinambia waziwazi, "Mwanangu, hawa wasipolipa, mwezi huu mshahara sina." Mdogo wangu alikuwa amesharudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Kompyuta ilikuwa moja, na barua pepe bado ngeni kwetu. Mzee alisema, mimi nikaandika. Siku thelathini za kulipa zilipopita, tulituma ya kwanza, ya upole: huenda ankara yetu imewapita, tafadhali iangalieni. Nikauliza kichwa cha barua kiwe nini.

"Andika: Salamu kutoka Mombasa. Mtu huanzi naye kwa deni."

Jibu likaja: "Ahsanteni kwa salamu. Mkurugenzi yuko safarini." Kuhusu ankara, kimya. Baada ya wiki mbili tukatuma ya pili, kavu kidogo: tulitaja kiasi, tukaomba tarehe ya malipo. Kichwa: Salamu tena kutoka Mombasa. Jibu likawa lile lile. Niliisoma barua yangu mara tatu nikitafuta nilipokosea. Deni lilikuwamo, mstari wa nane.

"Wanatucheza shere?" niliuliza.

"Labda ndiyo adabu ya bara," mzee akasema, naye haelewi zaidi yangu.

Nikampigia simu mwandishi mahsusi wa mkurugenzi wao, aliyekuwa akitujibu.

"Dada, zile za salamu namwekea mkurugenzi. Za bili ndizo nampa mhasibu."

"Lakini zile ni za bili!"

"Kichwa kinasema salamu. Barua za mkubwa mimi sizifungui ndani. Ungekuwa wewe ungefungua?"

Nikaweka simu chini. Barua ya tatu niliiandika mwenyewe. Kichwa: namba ya ankara, kiasi, na siku zilizopita tangu tarehe ya kulipa. Ndani nikasema kwa heshima kwamba tunathamini biashara yao, lakini wasipolipa ndani ya siku saba, kontena lao lijalo hatutalishughulikia mpaka deni liishe.

Mzee akaisoma, akavua miwani. "Hata hujambo hukutia?"

"Nimetia tafadhali, mzee. Mara mbili."

Akairudisha miwani machoni, akasema, "Tuma."

Mhasibu alijibu adhuhuri ile: hajawahi kuiona ankara hiyo, tumpelekee nakala kwa faksi. Ijumaa hundi ikaja kwa basi. Ilipopita benki wiki iliyofuata, mzee alinihesabia mshahara, nami sikujua kama amefurahi au nimemvunjia heshima. Jumatatu nilimpeleka mdogo wangu shule na risiti ya karo mkononi.